Upande wa Pili

Mswada wa filamu fupi ya dakika tano, katika vitendo vitatu

Filamu yote inatendeka mahali pamoja, asubuhi moja ya mwaka 2024, katika kibanda cha fundi redio kilicho kwenye uchochoro wa karibu na soko la Darajani, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mbele ya kibanda pana baraza ya saruji. Ndani mna meza moja, taa ya kuinamisha, na rafu zilizojaa redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Wahusika ni wanne, na mmoja wao haonekani. SALMA ana miaka 38 na ni mwalimu wa skuli ya msingi. BI ZUWENA, mama yake, ana miaka 61. FUNDI HAJI amekaribia miaka 70, na ni mtu asiyeharakisha neno wala mkono. SAUTI ni ya baba yake Salma, iliyorekodiwa Maskati mwaka 1986. Naomba isomwe na kijana wa miaka ishirini na kitu, wala si mzee anayejitia ujana, kwa sababu mwisho wote wa filamu unategemea mtazamaji asikie kwamba yule mtu alikuwa mdogo.

Bi Zuwena aliachwa kwa talaka zamani, kwa hiyo hana eda ya mume huyu na hapana ajabu kumwona nje. Mbunifu wa mavazi asimvishe nguo za msiba.

TENDO LA KWANZA (0:00 hadi 1:05)

Tunaanza na kaseti ikiwa juu ya meza, ikijaza skrini. Ni kaseti ya dakika sitini, plastiki yake imegeuka rangi ya chai. Upande unaoonekana una karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, kwa hati nzuri: "Kwa Zuwena". Mkono wa Fundi Haji unaigeuza, nasi tunaona kwamba upande wa pili karatasi yake ni tupu. Picha hii ikae sekunde tatu kamili, kisha ndipo tuwaone watu.

FUNDI HAJI: Imo nini humu?

SALMA: Imo sauti ya baba. Alikuwa Maskati, na huko ndiko alikofia. Wiki iliyopita tumemsomea arobaini yake. Mimi sijapata kumsikia hata siku moja.

FUNDI HAJI: Na ilipatwa na nini?

SALMA: Redio iliumeza utepe, ukakatika. Nilikuwa mchanga wakati huo. Ndivyo mama alivyonieleza.

Kamera inatoka nje kupitia mlangoni. Bi Zuwena ameketi barazani, amewapa mgongo, anasuka ukili. Anaposikia neno "iliumeza", vidole vyake vinasimama, kisha vinaendelea, lakini shupatu limekwenda upande na inambidi alifumue pale alipokosea. Mwongozaji asimwambie mwigizaji ageuze uso. Vidole vinatosha.

FUNDI HAJI (akipaza sauti): Bi Zuwena, ingia ndani, hapo jua litakufikia sasa hivi.

BI ZUWENA: Hapa pananitosha, Bwana Haji. Mfanyieni kazi yake huyo mtoto.

FUNDI HAJI (kwa Salma): Ukiwa umekatika tu, nitauunga. Ukiwa umetafunwa, tutaomba Mungu.

SALMA: Nitakaa nisubiri.

TENDO LA PILI (1:05 hadi 3:10)

Fundi anafungua skrubu tano za kaseti moja baada ya moja na kuziweka katika kifuniko cha chupa. Tendo hili lipigwe karibu sana, kwa mwanga wa taa ya mezani pekee, na sauti ya bisibisi isikike wazi. Watu wengi wa umri wa Salma wameishika kaseti lakini hawajapata kuiona ndani, na mimi nataka waione: magurudumu mawili yaliyovikwa utepe mwembamba usiofika milimita nne kwa upana, karatasi laini ya plastiki inayoutelezesha, na kipande kidogo cha sufi kilichobebwa na springi, ambacho kazi yake ni kuugandamiza utepe kwenye kichwa cha redio. Kipande hicho kimedondoka. Fundi anakiokota kwa koleo ndogo na kukigundisha upya.

SALMA: Tutapoteza maneno mengi?

FUNDI HAJI: Utepe unakwenda sentimita nne na zaidi kidogo, karibu tano, kwa sekunde moja. Nikipunguza sentimita moja kila upande, pale palipokunjana, unapoteza kiasi cha nusu sekunde. Pumzi moja tu.

Anazitafuta ncha mbili za utepe, anazivuta polepole hadi chini ya taa na kuzilaza sambamba juu ya kioo. Anaitazama ya kwanza. Anaitazama ya pili. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

FUNDI HAJI: Nani alikwambia redio iliumeza?

SALMA: Mama.

FUNDI HAJI: Utepe uliomezwa huvutika kwanza, ukawa mwembamba kama uzi, ndipo ukatike. Huu haukuvutika. Tazama ncha hii, tazama na hii. Zimelingana.

Salma anainama. Tunaona anachokiona: mikato miwili iliyonyooka, safi, inayoingiana bila pengo.

FUNDI HAJI (kwa sauti ya chini): Huu ulikatwa kwa mkasi, mwanangu.

Hapa ni 2:10, na hapa ndipo filamu inapogeuka. Mpaka sasa Salma alikuwa anapambana na chombo kibovu. Kuanzia sasa anapambana na mtu aliyemlea. Naomba pasiwekwe muziki. Kelele za soko zinazosikika kwa mbali ziendelee vilevile zilivyokuwa, kwa maana soko halijui lolote.

BI ZUWENA (kutoka barazani, bila kugeuka): Niliukata mimi.

Salma anatoka hadi kizingitini na kusimama hapo.

SALMA: Miaka yote hii, mama?

BI ZUWENA: Miaka yote.

SALMA: Nilikuwa nikikuuliza sauti yake ilikuwaje. Unaniambia umesahau. Nikaamini kuwa umesahau, nikaona vibaya kukuuliza tena.

Bi Zuwena anauweka ukili pembeni. Maneno yafuatayo ayaseme kama mtu anayeeleza njia ya kufika mahali, hatua kwa hatua, bila kulia.

BI ZUWENA: Wakati ule barua zetu hazikupita posta, zilipita kwa mkono wa msafiri. Nikaambiwa amefika mtu kutoka Maskati, na baada ya siku mbili anarejea. Nikavaa buibui langu nikaenda, nina bahasha yangu mkononi ya kumpelekea baba yako. Yule mtu kabla sijamwamkia akanipa yake. Nikaisoma palepale mlangoni. Ilikuwa talaka.

SALMA: Na bahasha yako?

BI ZUWENA: Nilirudi nayo nyumbani. Mkasi ulikuwa juu ya cherehani.

Kimya. Salma anataka kusema neno, analimeza. Fundi Haji, ambaye kwa adabu amejishughulisha na kuchagua kipande cha gundi ya utepe, anakohoa kidogo.

FUNDI HAJI: Nikuambieni jambo moja la kazi, kisha muamue wenyewe. Upande wa A na upande wa B ni utepe mmoja. Mwisho wa huu ndio mwanzo wa ule. Mkasi ulipopita hapa, umekata pande zote mbili. Nikiunga, nitaunga zote mbili.

Salma hauelewi uzito wa maneno hayo, na mtazamaji pia asiuelewe bado. Bi Zuwena anauelewa. Kwa mara ya kwanza anageuka, anatazama ndani ya kibanda, anaitazama kaseti iliyofunguliwa juu ya meza.

BI ZUWENA: Unga.

TENDO LA TATU (3:10 hadi 5:00)

Fundi anazilaza ncha zikutane na kubandika kipande cha gundi upande wa mgongo, usiogusa kichwa cha redio, kisha anakisugua kwa ukucha. Anaifunga kaseti, anaingiza penseli katika tundu la gurudumu na kuizungusha mpaka utepe ukaze. Katika uhariri shughuli hii isipite sekunde kumi na mbili. Tumeshaona kazi yake, sasa tunataka matokeo. Bi Zuwena ameingia ndani na kusimama nyuma ya kiti cha Salma. Kaseti inaingia katika redio. Kitufe kinabonyezwa.

SAUTI: ...huku joto lake si la kwetu, Zuwena, huku hata usiku ukuta unachoma. Lakini kazi ipo, alhamdulillahi. Utepe unakaribia kwisha, sasa nisikilize. (Panasikika mruko mdogo, pale palipoungwa.) Nimepata habari kuwa ni mwanamke na umempa jina la mama yangu. Sina picha yake. Ukimaliza kunisikiliza, igeuze hii kaseti, umrekodi anavyolia, unirudishie. Mwache alie tu, usimnyamazishe. Nataka nimjue sauti.

Utepe unafika mwisho na kitufe kinaruka chenyewe. Salma amefunika mdomo kwa mkono. Fundi ananyoosha mkono aitoe kaseti aikabidhi.

BI ZUWENA: Igeuze.

Fundi anamtazama. Salma anamtazama. Sekunde hizi mbili ndizo kilele, na uso wa kuonyeshwa ni wa Salma, kwa kuwa ndiye anayetambua kilichokuwemo ndani ya ile bahasha. Fundi anaigeuza kaseti, upande wenye karatasi tupu ukiwa juu, na kubonyeza.

Mtoto mchanga analia kwa nguvu zake zote. Kisha panasikika sauti ya msichana wa miaka 23, anacheka huku akisema.

SAUTI YA ZUWENA KIJANA: Msikie, Baba Salma, msikie mwanao anavyokugombeza! Anasema unarudi lini. (Mruko mdogo, palepale palipoungwa.) Haya mama, haya, ameshakusikia...

Sauti zinakwisha. Unabaki mvumo wa utepe mtupu unaoendelea kuzunguka. Bi Zuwena haiti machozi wala hayazuii. Amemsikia mtu ambaye hakumsikia kwa miaka 38, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Salma anainuka na kumpisha kiti. Bi Zuwena anaketi, na Salma anabaki amemshika bega.

FUNDI HAJI (baada ya muda): Nikutilieni kwenye flashi?

SALMA: Ndiyo, fundi. Moja yangu, moja ya mama.

BI ZUWENA: Mimi nyumbani kwangu sina pa kuichomeka. Hiyo ya pili ipelekwe Maskati kwa ndugu zako. Wao wamekua naye akiwa mzee. Nao wamsikie alivyokuwa kijana, na wamsikie dada yao.

SALMA: Mama, tutawaandikia nini? Hawakujui.

Bi Zuwena anaitazama redio, ambamo utepe ungali unazunguka.

BI ZUWENA: Bwana Haji, upande huu umebaki na nafasi?

FUNDI HAJI: Nafasi tele, Bi Zuwena. Dakika ishirini na zaidi.

Fundi anausogeza utepe mbele kidogo, mbali na kilio cha mtoto, asije akakifuta, kisha anaisukuma redio mpaka ukingoni mwa meza. Bi Zuwena anavuta kiti karibu, anarekebisha mtandio wake kama mtu anayekwenda kuonana na wageni, na anaweka vidole viwili juu ya vitufe viwili, kile chekundu cha kurekodi na kile cha kucheza. Anavibonyeza kwa pamoja.

BI ZUWENA: Assalamu alaikum, wanangu. Mimi ni mama yake Salma.

Skrini inazimika. Mvumo wa utepe unaendelea chini ya majina ya waigizaji.