Mpango wa kuondoa sokoni unga wa lishe Kibuyu, toleo KB 0417, pamoja na taarifa kwa umma

Dodoma, Jumatano 6 Mei 2026
Kutoka kwa Meneja wa Ubora, kwenda kwa wafanyakazi wote, madereva na mawakala

Jana jioni maabara ilituletea majibu ya toleo KB 0417, lililosagwa 17 Aprili. Sumukuvu kwa jumla ni maikrogramu 38 kwa kilo, na aina ya B1 peke yake ni 24. Viwango vya Afrika Mashariki vinaishia 10 kwa jumla na 5 kwa B1.

Baadhi yenu mliomba tupime tena kabla ya kutangaza. Nimekataa, na Mkurugenzi ameniunga mkono. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo: karanga chache zilizoota kuvu huchafua mfuko huu na kuuacha wa pembeni. Kipimo cha pili kikija safi hakitatuhakikishia chochote kuhusu mifuko iliyoko majumbani. Kitatula siku tatu, na siku tatu ni uji wa asubuhi na jioni kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kula.

Tulifunga mifuko 3,240 ya kilo moja. Stoo imebaki 1,115. Imefungiwa chumba cha nyuma na ufunguo ninao mimi. Iliyotoka ni 2,125: Dodoma mjini 1,300, Morogoro 600, Singida 225. TBS tumewapigia simu usiku uleule, na barua yenye majibu ya maabara inapelekwa ofisini kwao leo saa 2 asubuhi.

Mhasibu anatoa ankara zote za toleo hili kabla ya saa 3, kisha kila wakala anapigiwa simu. Ujumbe pekee hautoshi; asikike mtu akisema "nimeelewa, nimeshusha rafuni". Wakala naye atutajie maduka aliyoyauzia, hata ya mtaani yasiyo na risiti. Madereva waanzie Singida, kwa kuwa mzigo wa kule ni mdogo na unaweza kurudi wote kwa siku moja. Tangazo lisomwe redioni leo mchana na jioni, na nakala zibandikwe madukani na kupelekwa kliniki za watoto. Lisomwe kama lilivyo, bila kulainishwa:

TAARIFA KWA UMMA

Tunawaomba wazazi na walezi wote waache mara moja kutumia unga wa lishe Kibuyu, mfuko wa njano wa kilo moja, wenye namba ya toleo KB 0417. Tumegundua una sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Namba hiyo iko mgongoni mwa mfuko, chini ya mshono wa juu, kwa wino mweusi. Ikiwa imefutika, hesabu kuwa ni toleo hilo.

Kuchemsha, kukaanga au kuchekecha hakuondoi sumukuvu. Usimpe mtoto, usimpe kuku wala ng'ombe, usimgawie jirani. Rudisha mfuko dukani hata ukiwa umefunguliwa au umebaki kidogo. Utarudishiwa shilingi 3,500 zote, bila risiti.

Hadi sasa hatujapokea taarifa ya mtu aliyeugua. Hata hivyo sumukuvu huumiza ini polepole, kwa hiyo usiendelee kuutumia kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Akiwa na macho ya manjano, anatapika, au tumbo limejaa na kuuma, mpeleke kituo cha afya leo na uende na mfuko.

Kosa ni letu. Karanga za toleo hili zilipokelewa bila kupimwa. Tunawaomba radhi. Kwa maswali, piga namba iliyo mgongoni mwa mfuko. Simu itapokelewa saa 24.

MWISHO WA TAARIFA

Watakaopokea simu, msibishane na mama anayelia au anayetukana. Andika jina la mtaa, umri wa mtoto, na ameutumia kwa muda gani. Wengi hapa Dodoma wanakumbuka mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu Dodoma na Manyara. Hofu yao ina sababu. Asitokee wa kusema "ni kidogo tu".

Mifuko inayorudi ihesabiwe mbele ya watu wawili, ikatwe kwa kisu palepale, na ibaki chini ya kufuli hadi iteketezwe mbele ya wakaguzi wa TBS. Najua kuna wafugaji watakaokuja getini kuomba. Ng'ombe akiula, sumu inapita kwenye maziwa na kumrudia mtoto yuleyule. Hauuzwi wala hautolewi bure.

Mashine ya lishe imesimama. Magunia ya karanga yaliyobaki yanatengwa, na sampuli tulizohifadhi za matoleo mengine yenye karanga hizohizo zinapelekwa maabara leo. Moja likizidi kiwango, tutalitangaza siku hiyohiyo. Kila jioni saa 12 nitabandika ubaoni idadi ya mifuko iliyorudi kati ya 2,125.