Mpaka Niseme

Siku za bamvua, asubuhi bahari ya Jambiani inakwenda mbali, karibu na mwamba, na wanawake wanaifuata na kamba zao na mifuko yao, wanashinda huko wamejiinamia kwenye mwani. Ikifika alasiri maji yamesharudi, yamejaa mpaka juu ufukweni, na hapo ndipo darasa la Zuhura linapoanza. Wiki ya maji mafu hakuna darasa, maana jioni maji yamekimbia. Kwa hiyo siku za kufundisha ni chache, na Zuhura alizihesabu kwa uchungu, hasa tangu Bi Tatu alipojiandikisha.

Asubuhi alikuwa akifanya kazi ya vyumba hotelini. Saa 12 yuko mlangoni, saa 9 mchana anatoka na mgongo unauma, anaswali alasiri, anavaa suruali na kanzu yake ya kuogelea, anabeba madumu matupu ya lita 5 yaliyofungwa kamba shingoni, anashuka pwani. Wanafunzi walikuwa wanane. Saba walikuwa wakienda vizuri: wanatia uso, wanatoa mapovu, wanakumbatia dumu kifuani na kupiga miguu. Wa nane alikuwa amesimama, maji yamemfika kifuani, mikono ameikunja.

"Bi Tatu, jaribu tena."

"Nimejaribu jana."

"Jana ulilowesha kidevu."

"Basi leo nitalowesha mdomo. Haraka ya nini?"

Ugumu ulikuwa hapo. Angekuwa mtoto, Zuhura angemkemea kidogo. Angekuwa mgeni wa hotelini angecheka naye na kumpa maboya. Lakini Bi Tatu alikuwa shoga wa mama yake, amembeba Zuhura mgongoni, na kila jioni darasa lilianza kwa mwalimu kumshikamoo mwanafunzi. Ukishamwambia mtu shikamoo, huwezi dakika mbili baadaye kumpigia filimbi.

Na Bi Tatu hakuja kwa mchezo. Alianza kulima mwani tangu ulipoingia pwani hii, miaka ya mwisho ya 80, yeye bado bi harusi. Siku hizo ulifunga kamba zako kwenye vijiti, maji ya magotini, ukarudi baada ya wiki sita kuvuna. Sasa maji yale madogo yanapata moto mno. Mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei, unageuka mweupe, unalegea, unakatika. Unaostawi ni ule uliohamishiwa kwenye kina, na huko huendi kwa miguu. Kikundi chao kilipata mtumbwi. Wanaojua kuogelea wanapanda, wasiojua wanabaki ufukweni wakianika.

"Miaka yote hiyo nimeingia baharini kwa miguu yangu," alisema siku ya kujiandikisha. "Sasa mwani umenihama. Nami nataka niufuate."

Maneno mazuri. Ila hakutaka kutia masikio majini. Masikio yake, alisema, Mungu kampa ya kusikia adhana, si ya kutekea maji. Hakutaka kulala chali. Kila Zuhura alipomshika kisogo na kiuno amlaze, aliuliza lile lile:

"Na nikitaka kusimama?"

"Utasimama tu, Bi Tatu. Maji yako kifuani."

"Nasimamaje?"

"Unateremsha miguu."

"Kama hairudi chini?"

"Itarudi!"

Wale saba walikuwa wakisikia. Mmoja alikuwa ameanza kumwiga, na wenziwe wakicheka mpaka wakinywa maji.

Jioni ya nne ya bamvua lile hoteli ilikuwa imejaa na mwenziwe Zuhura ameumwa, kwa hiyo amefanya vyumba vya watu wawili. Alifika pwani amechelewa, hajala. Alimlaza Bi Tatu chali, kiganja kimoja kisogoni, kingine kiunoni, akaanza wimbo wake wa kila siku: legea, legea, legea. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya minazi. Akawaza kwamba kesho kutwa maji hayatafika tena kwa saa hii, na mtu huyu hajaelea hata mara moja. Akaviondoa viganja polepole, bila kusema. Wengi hufundishwa hivyo. Mtu anaelea bila kujijua, halafu unamshangilia, hofu inaisha.

Bi Tatu alielea kweli. Labda kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akahisi mgongo hauna mtu, akainua kichwa kutazama, na ukiinua kichwa nyonga zinazama, na nyonga zikizama miguu inatafuta chini inakosa. Alikwenda chini mzima. Zuhura alimnyanyua mara moja, mtandio umemfunika uso.

"Umeelea, Bi Tatu! Umeelea, wallahi!"

Bi Tatu alikohoa mpaka akamaliza. Akausogeza mtandio, akamtazama.

"Nimeelea, au umeniangusha?"

Akatoka majini, akajifunga kanga juu ya nguo zilizolowa, akaenda zake. Hakuna aliyecheka safari hii.

Usiku mama yake Zuhura alikuwa akikuna nazi. Habari zilishafika, kijijini habari hazitembei kwa miguu. Hakusema kitu mpaka kifuu kilipobaki kitupu.

"Shoga yangu kapita hapa."

"Kasema nini?"

"Kaniuliza kama wewe ulipokuwa unajifunza kutembea nilikuachia ghafla. Nikamwambia sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka, kwa sababu alikuwepo. Kasema ulichelewa kuliko watoto wote wa mtaa huu, na hakuna aliyekusukuma."

Zuhura aliingia kulala. Kusema kweli alitumai Bi Tatu hatorudi, wabaki saba, darasa liende.

Kesho yake alipoteremka na madumu yake alimkuta ameshaingia majini, peke yake.

"Shikamoo, Bi Tatu. Na jana unisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Ya jana yamekwisha. Leo sikuja kuelea."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusimama. Nifundishe kusimama kwanza. Kulala najua, nalala kila siku."

Zuhura alifungua mdomo amweleze kwamba mpango hauko hivyo, kwamba kuelea ndiyo kwanza. Akaufunga. Alikuwa amechoka mno kubishana, na uchovu nao una faida zake. Kisha, kwa kuwa ilibidi amwonyeshe, ikabidi ajifikirie mwenyewe: yeye anasimamaje? Alilala chali mbele ya mwanafunzi wake, akainuka, akalala tena, akainuka polepole zaidi. Kumbe miguu haiteremki tu. Magoti yanakuja kwanza kifuani, kidevu kinaingia ndani, mikono inasukuma maji kutoka nyuma kuja mbele, mwili unakaa kitako kama uko kwenye kiti, na hapo ndipo nyayo zinapokwenda chini. Mambo manne. Mtoto anayafanya bila kuambiwa, na Zuhura kwa miezi yote alikuwa akisema "unateremsha miguu."

"Ehee," akasema Bi Tatu. "Sasa ndiyo unanijibu."

Walifanya kusimama tu. Zuhura anamshika, Bi Tatu anakunja magoti, anakaa, anasimama. Tena. Wale saba walipofika wakapewa madumu yao wapige miguu mpaka kwenye ngalawa iliyotia nanga karibu na kurudi. Yule mwigaji alikaa pembeni akitazama, kisha akaomba naye aonyeshwe, maana alikuwa akisimama kwa kupapatika tu. Baadaye wakaomba wote.

Jua lilipopungua, Bi Tatu alisema, "Haya, nilaze. Lakini usiniachie mpaka niseme."

"Sikuachii."

"Mpaka niseme."

"Mpaka useme, Bi Tatu."

Akamlaza. Kiganja cha kulia kisogoni, cha kushoto kiunoni. Bi Tatu alimkamata mkono kwa vidole vilivyojaa makovu ya kamba, kucha zimeliwa na chumvi. Masikio yakabaki juu ya maji, shingo imekazwa. Zuhura akaanza, "Legea, leg…" akahisi shingo ikikaza zaidi chini ya kiganja chake. Akanyamaza. Ikapungua kidogo. Akajaribu tena, kwa sauti ndogo, na shingo ikajibu vile vile. Kwa hiyo neno lenyewe ndilo lililokuwa likimtia kiwewe. Kila jioni alikuwa akimfunga kwa mdomo na kumfungua kwa mikono.

Akafunga mdomo. Si rahisi kunyamaza kama umezoea kulipwa kwa kusema. Bega lilianza kuuma, lile lile la kugeuzia magodoro. Akahamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. Alihesabu pumzi za Bi Tatu, akazipoteza, akaanza upya. Aliona kifua kikijaa, mwili ukainuka, kikatoka hewa, ukashuka kidogo, na wala hauzami. Kidole cha mwisho cha Bi Tatu kikamwachia. Baadaye sana, cha pili. Sikio moja likaingia majini, uso ukakunjamana, likatoka, likaingia tena.

Wenziwe walianza kutoka majini wakikamua nguo. Mmoja akaita, "Mwalimu, magharibi hiyo!" Zuhura akatikisa kichwa tu. Masikio yote mawili yalikuwa ndani sasa, na mkono wa Bi Tatu ulikuwa umelala juu ya maji, haujamshika mtu.

Midomo ikasogea. "Achia."

Zuhura akatoa kiganja cha kiunoni. Akangoja. Akatoa cha kisogoni. Akapiga hatua moja nyuma, aonekane, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Bi Tatu alikaa pale. Mtandio ulitandaza pembe zake, vidole vya miguu vilitokeza juu ya maji, na maji yakampeleka kidogo upande wa kaskazini, naye akakubali kupelekwa. Msikitini adhana ilianza, ikaendelea, ikaisha. Hakutikisika. Zuhura alitaka sana kupiga kelele za furaha, akajiuma mdomo.

Kisha magoti yakaja kifuani, kidevu kikaingia, mikono ikasukuma, Bi Tatu akakaa kitako juu ya hewa, akasimama. Hakunywa hata tone. Akatingisha sikio moja, akatingisha la pili.

"Kumeadhiniwa?"

"Muda sasa."

"Na wewe umenyamaza tu!"

"Hukusema."

Bi Tatu alicheka mpaka akamshika bega, lile linalouma. Walitoka pamoja kwa haraka, nguo zinawachirizika, wakikimbilia magharibi isiwapite.

Penye minazi akasimama kidogo afunge kanga vizuri. "Bamvua lijalo nakuja na wifi yangu. Yeye hataki hata kulowesha miguu."

"Mkaidi?"

"Kanishinda mimi mara kumi."

"Mlete," alisema Zuhura, akibadilisha madumu bega. "Muulize tu anataka kuanzia wapi, uniambie."