Ankara Ikifika Dukani

Jamani, habari za asubuhi. Chai ipo, vitumbua vipo, mwenye kuchukua achukue sasa hivi, maana nikianza kugawa makaratasi sitaki kuona mafuta ya kitumbua juu ya ankara. Maduka yote yanafunguliwa saa 3, kwa hiyo nina kama dakika 20. Wa Tegeta na Mbagala nawashukuru kwa kuwahi Buguruni, foleni naijua.

Kazi yangu naifanyia ghorofani. Simenti ikishuka siioni, nondo sizihesabu, rangi sijui imekuja ndoo ngapi. Kinachonifikia mimi ni karatasi yenye saini. Naikagua, naidhinisha, benki inatoa hela. Kwa hiyo anayelipa hasa ni yule aliyesaini pale getini. Mimi nabonyeza tu.

Mwaka jana tuliagiza mabati 200 ya geji 28. Yakaja 180. Mzee wetu wa stoo aliyahesabu vizuri kabisa, akajua 20 hayapo, akamwambia dereva. Dereva akasema, "Mzee, yamebaki kwa makosa, Jumatatu nakuletea." Wakaelewana kama watu wazima. Mzee akasaini karatasi ya mabati 200. Jumatatu ikapita, Jumatatu nyingine ikapita, ankara ikaja kwangu imeandikwa 200, saini ipo, mhuri upo. Nikalipa. Kwa shilingi 28,000 bati moja, hapo tulitoa 560,000 kwa mabati ambayo hadi leo hakuna aliyeyaona. Tulipopiga simu, jibu lilikuwa fupi: "Mbona mmesaini?" Na walikuwa na haki ya kujibu hivyo.

Mzee yupo hapa, anacheka, na ameniruhusu niisimulie. Hakukosea kuhesabu. Alikosea kumalizana na dereva kwa mdomo.

Basi, mzigo ukifika. Dereva anakuja na dilivari noti, na mara nyingi na ankara yenyewe. Wewe unayo nakala ya oda yetu. Shika zote tatu kabla kamba ya turubai haijafunguliwa. Hesabu mzigo ukiwa unashuka, si baada ya kupangwa stoo, maana simenti mpya ikishachanganyika na ya zamani hakuna atakayejua ipi ni ipi. Mfuko uliochanika, hesabu pembeni. Ikiwa pungufu, chukua kalamu uandike palepale juu ya karatasi: "Yamepokelewa 180, pungufu 20." Uandike kwenye nakala yetu na kwenye nakala anayorudi nayo dereva, zote mbili, kisha naye aweke jina na saini. Akikataa kusaini, usibishane naye. Nipigie simu kabla lori halijatoka getini.

Watawaambia wana haraka. Kila dereva wa lori Dar es Salaam hii ana haraka. Mwacheni awe nayo.

Mkimaliza kuhesabu, isomeni ankara yenyewe. Najua wengi mnaangalia jumla ya chini tu. Anzeni juu. Jina la mnunuzi ni la kampuni yetu, si "keshi", si jina la msimamizi wa duka, si "duka la Mbagala". TIN ni yetu, tarakimu zote tisa. Nimewabandikia namba kwenye kila kaunta, hakuna haja ya kuikariri. Kuna tarehe, kuna namba ya ankara, bei inalingana na ya kwenye oda. Bei ikiwa imepanda, hata shilingi 200 kwa mfuko, usiirekebishe kwa kalamu na usiinyamazie. Zungushia duara, niandikie pembeni kwa nini.

Na tusichanganye karatasi. Proforma ni bei ambayo muuzaji anapendekeza, hatulipi kwa sababu imefika. Stetimenti ni orodha ya madeni, haionyeshi mzigo ulioingia leo. Mwezi uliopita nililetewa proforma imepigwa mhuri wa IMEPOKELEWA. Nikajiuliza, kimepokelewa nini?

Sasa risiti ya EFD. Hapa nitakaa kidogo. Chukueni ankara ya 5,900,000, VAT ikiwa ndani. Kwa asilimia 18, mzigo wenyewe ni 5,000,000 na kodi ni 900,000. Hiyo 900,000 tumeshamlipa muuzaji, na sisi tunayo haki ya kuitoa kwenye kodi tunayoipeleka TRA. Lakini bila risiti ya mashine yenye TIN yetu, haki hiyo haipo. Nikiwa na ankara nzuri yenye mihuri mitatu lakini risiti haipo, 900,000 imetutoka. Na sheria inatupa miezi 6 tu. Tegeta, ile risiti niliyoikuta Februari kwenye droo ya chenji, chini ya betri za kalkuleta, ilikuwa ya Julai. Ndiyo, ilikuwa ya huo mzigo wa milioni 5.9.

Halafu karatasi yenyewe ya risiti. Mmeiona, ile laini inayong'aa. Haina wino, ni joto ndilo linaloandika, na joto hilohilo linaiharibu. Ukiiacha kaunta pale jua la saa 8 linapopiga, wiki mbili ni karatasi nyeupe. Ukiibandika selotepu juu ya maandishi, yanapotea. Ukiitia kwenye mfuko wa plastiki wa faili, pia yanapotea, polepole, wewe ukidhani umeitunza vizuri. Kwa hiyo siku ileile itolewe fotokopi kwenye karatasi ya A4, risiti halisi ipigwe pini nyuma ya kopi, na vyote vikae na ankara yake. TRA wanaweza kutuuliza mambo ya miaka 5 nyuma. Karatasi nyeupe haitatusaidia kuwajibu.

Ukiwa na shaka na risiti, fungua kwenye simu:

```
verify.tra.go.tz
```

Unaingiza namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti, itakuuliza na muda uliochapwa. Isipopatikana, usimwambie muuzaji kitu, niambie mimi.

Kufaili sitawachosha. Kila duka lina mafaili mawili. La kijani ni la ankara ambazo hazijalipwa, la bluu ni la zilizolipwa. Ndani mnapanga kwa jina la muuzaji, ya karibuni juu. Ankara halisi inakuja ofisini, inayobaki kwenu ni kopi. Nikishalipa nitawarudishia namba ya malipo, mtaiandika juu ya kopi na kuihamisha kutoka kijani kwenda bluu. Anayejiona ana mpangilio wake mzuri zaidi wa faili, aniambie, nitamsikiliza, lakini asiuanzishe peke yake, maana siku akiwa likizo hakuna atakayeona kitu.

Kuzipeleka mbele ndipo tunapopotelea. Kila duka linapata daftari. Ankara ikiingia, kabla haijakwenda popote, unaandika: tarehe, muuzaji, namba ya ankara, kiasi, aliyepokea. Saa 10 jioni dereva wetu anapita. Unaziweka kwenye bahasha, unaandika juu ziko ngapi, dereva anasaini daftari lako. Zikifika Buguruni, dada wa mapokezi anahesabu na kumsainia dereva. Karatasi ikipotea tutajua imepotelea mkononi mwa nani, na wale ambao haikupotelea mikononi mwao watalala usingizi.

Kuhusu Wasapu. Picha ya ankara nitumieni, inanisaidia kujua hela gani inakuja kudaiwa. Lakini picha ni taarifa tu. Mwezi wa 3 picha ilinifikia Jumanne, ikalipwa kwa sababu muuzaji alikuwa analia. Ijumaa karatasi halisi ikaja na bahasha, ikalipwa na mwenzangu. Ankara moja, malipo mawili. Kosa lile lilikuwa la ofisi yangu, sikatai. Ndiyo maana siku hizi silipi picha, hata muuzaji alie vipi. Na mkituma picha, andikeni chini yake "halisi inakuja".

Mwisho wa mwezi bahasha isisubiri. Ritani ya VAT inakwenda kabla ya tarehe 20, na mimi nahitaji siku za kulinganisha. Tarehe 3 nataka ankara zote za mwezi uliopita ziwe mezani kwangu, hata ile yenye tatizo. Hasa yenye tatizo.

Mmoja ameniuliza mlangoni kuhusu ankara zetu sisi, tunazowaandikia mafundi na wakandarasi wanaochukua kwa mkopo. Swali zuri. Risiti ya EFD inatoka mzigo unapotoka, hata kama hela itakuja mwezi ujao. Anayechukua mzigo aandike jina lake kamili na namba ya simu, si kuchora mkia wa samaki na kuondoka. Na ukikosea kuandika ankara ya kitabu, usiichane. Andika BATILI kwa herufi kubwa kwenye nakala zote, uziache kitabuni. Namba ikiruka, mkaguzi atataka kujua ilikwenda wapi, nami sitakuwa na jibu.

Jambo la mwisho, na hili lishikeni sana. Akija mtu, au ukipata ujumbe, au barua pepe yenye nembo nzuri, kwamba muuzaji fulani amebadilisha akaunti ya benki, wewe usiniandikie tu "wamebadilisha akaunti". Nitumie ujumbe kama ulivyo. Mimi nitampigia muuzaji kwa namba tuliyonayo kwenye faili la zamani, si ile iliyo kwenye huo ujumbe. Hata kama anayesema ni dereva mnayemfahamu miaka mingi.

Haya. Mihuri mipya iko kwenye boksi hili, kila duka mmoja, na kidau chake cha wino. Gurudumu la tarehe mnalizungusha kila asubuhi, msinipigie mhuri wa jana. Madaftari yanaanza leo, ukurasa wa kwanza. Mbagala, mashine yenu ya fotokopi fundi anakuja Jumatatu, hadi hapo kopi mtoe kwa jirani na mniletee risiti yake. Tegeta, kwenye ile droo ya chenji kuna karatasi nyingine tano, nilizihesabu. Zije na bahasha ya leo saa 10.