Mahubiri: Mkono Ulitangulia

Bwana Yesu asifiwe, washarika wapendwa wa Mafinga.

Neno letu la leo ni Marko 1:40–42. Mwenye ukoma alimwendea Yesu akapiga magoti, naye Yesu akamhurumia, akanyosha mkono, akamgusa, ndipo akatakasika. Angalieni mpangilio huo: mkono ulitangulia, uponyaji ukafuata. Mtu aliyetakiwa na sheria kukaa nje ya kambi aliguswa angali na ukoma wake.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, ila Njombe ni 12.7 na mkoani kwetu Iringa 11.1. Maana yake, kwenye mabenchi haya wamo ndugu zetu wanaoishi na VVU, nao husikia kila tunalowasema tukidhani hawapo.

Nimeona msibani kikombe cha mama mmoja kikitengwa kando ya karai, kikaoshwa peke yake, kisha kikafungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili kisichanganyike na vingine. Mama huyo alikuwa amekaa hatua chache tu, akitazama. Waliofanya hivyo ni waumini, na naamini waliogopa. Lakini woga huo hauna msingi wowote. VVU haviambukizwi kwa kikombe, hata kile cha Meza ya Bwana, wala kwa kushikana mikono, kukumbatiana au kutumia choo kimoja. Hupita kwa damu, kwa majimaji ya uzazi wakati wa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Tena, anayemeza ARV kila siku hadi vipimo vionyeshe kuwa virusi havigunduliki katika damu hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na mama aliye kwenye dawa ana matumaini makubwa ya kuzaa mtoto asiye na maambukizi.

Sasa basi, yuko mtu anayeipita kliniki ya jirani na kupanda basi hadi Makambako kuchukua dawa, kwa kuwa anayaogopa macho yetu. Siku nauli ikikosekana, dozi inakatika, virusi vinaongezeka, na mwili unadhoofika. Ugonjwa huo tumeuzidisha sisi, kwa midomo yetu.

Na hili nalisema nikiwa mchungaji wenu: tutaendelea kuwaombea wagonjwa, lakini asiwepo wa kumwambia mwenzake aache dawa eti kwa kuwa ameombewa. Kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake ni dhambi, na sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti UKIMWI inailinda siri hiyo.

Kuanzia juma hili, aliye tayari kumsindikiza ndugu kliniki, au kumchangia nauli, anione faragha baada ya ibada, bila kutaja jina la mtu mbele ya wengine. Kupima ni bure, na dawa ni bure.

Tusimame, tuombe.