Bi Swafiya: lile onyo kwenye bajeti ya nyumba ya Shela

Lamu, 14 Mei

Bi Swafiya,

Asalaam alaykum. Nimekifungua kitabu cha bajeti cha Excel ulichonitumia jana. Kompyuta yako haina kasoro. Onyo linasema kwamba kuna fomula inayosubiri jibu lake yenyewe ili ipate kutoa jibu. Kwenye kitabu hiki mzunguko wa namna hiyo uko mara tatu, na kila mmoja una dawa yake.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala. Kisha fungua "Formulas", bonyeza mshale ulio kando ya "Error Checking", halafu "Circular References", upate anwani ya seli. Anwani hiyo huonekana pia chini kushoto mwa dirisha. Ukiona maneno "Circular References" peke yake bila anwani, basi mzunguko uko kwenye shiti nyingine.

Wa kwanza uko kwenye shiti ya Matumizi, seli D23. Ulipoburuta kuchagua tarakimu za kujumlisha ulipitiliza kwa mstari mmoja, jumla ikajihesabu yenyewe, na ndiyo maana inaonyesha sifuri:

```
=SUM(D5:D23)
```

Irudishe iishie mstari wa 22:

```
=SUM(D5:D22)
```

Sasa mishahara, dizeli ya boti, barafu na mengineyo yanafika shilingi 4,500,000.

Wa pili haukutokana na mkono kuteleza. Mkataba unasema ada ya usimamizi ni asilimia 10 ya jumla kuu, na jumla kuu ina ada hiyo ndani yake. Kwa hiyo ulichoandika ndicho mkataba unachosema:

```
D24: =D25*10%
D25: =D23+D24
```

Lakini D24 inaisubiri D25, na D25 inaisubiri D24. Wengi hukimbilia kuandika D23*10%. Onyo huondoka, ila ada inakuwa 450,000 na jumla kuu 4,950,000, nayo 450,000 haifiki asilimia 10 ya 4,950,000. Tungekuwa tumepunja ada kwa shilingi 50,000 bila yeyote kushtuka. Fikiri hivi: ikiwa ada ni asilimia 10 ya jumla kuu, gharama nyingine zote ni asilimia 90 iliyobaki. Zigawe kwa 90, zidisha kwa 10. Weka kiwango cha ada, 10%, kwenye B24, kisha andika D24:

```
=D23*B24/(1-B24)
```

Utapata 500,000, na jumla kuu 5,000,000. Kwenye seli tupu jaribu =D24/D25. Lazima itoke 0.1, yaani asilimia 10 kamili.

Wa tatu uko shiti ya Fedha, kwenye riba ya ovadrafti. Umeikokotoa kwa wastani wa salio la kuanzia na la kufungia mwezi, ilhali salio la kufungia tayari limeshakatwa riba hiyo. Kwa bajeti, tumia salio la kuanzia, lililo D4. Riba ya mwaka iko B18:

```
=MAX(0,-D4)*$B$18/12
```

Tofauti itakuwa ndogo, na mtu yeyote ataweza kuifuata hesabu kwa kalamu.

Umeniuliza kama utie tiki kwenye "Enable iterative calculation" ili onyo liishe. Tafadhali usitie. Tiki hiyo huiambia Excel izunguke hadi mara 100, au mpaka mabadiliko yawe chini ya 0.001. Kwenye ile ada ingekaribia 500,000 na kutulia, nawe ungeridhika. Lakini kwenye D23 ya zamani kila mzunguko ungeongeza 4,500,000 nyingine juu ya zilizopo: mizunguko 100 inakupa 450,000,000, na ukibonyeza F9 inazidi kupanda. Tiki ni moja, jibu moja sahihi na jingine uongo mtupu, na hakuna onyo la kukutenganishia. Tena Excel huchukua mpangilio huu kutoka kitabu cha kwanza kufunguliwa, kwa hiyo kitabu hikihiki kinaweza kunyamaza kwako na kulalamika kwenye kompyuta ya Malindi. Hakikisha tiki haipo kabla ya kuanza marekebisho.

Usitegemee pia kisanduku cha onyo kijitokeze kila mara. Ukishakifunga, mzunguko mwingine unaweza kuingia kimya. Litazame lile neno la chini kushoto, na usikome mpaka lifutike kabisa.

Nitumie kitabu Alhamisi kabla ya adhuhuri, nikipitie kabla hakijavuka kwenda Malindi. Ile seli ya kujaribia asilimia usiifute, nitaanzia hapo.

Wasalaam,
Athman
Uhasibu