Uhakiki wa Riwaya: Takadini ya Ben Hanson

Kazi ya Fasihi, Kidato cha Nne B, Kasulu, Kigoma

Riwaya ya Takadini inamhusu mama anayekataa mwanawe auawe. Sekai, mke wa kwanza wa Makwati, amekaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto, huku wake wenzake wakizaa na kumsimanga. Siku anapojaliwa, anazaliwa mtoto mwenye ualbino, yule ambaye Washona katika hadithi hii wanamwita musope. Mila ya kijiji inasema mtoto wa namna hiyo haachwi hai. Sekai anamchukua mwanawe na kutoroka.

Tukio hilo ndilo linaloibeba riwaya nzima. Mwandishi angeweza kumfanya Sekai shujaa wa maneno makali, asimame mbele ya wazee na kuwahutubia. Hakufanya hivyo. Sekai anaogopa. Anampenda mume wake na hajui anakokwenda, ila jambo moja tu amekwisha kuliamua, na hilo halimwachi. Niliposoma sehemu ya safari yake porini sikuweza kuweka kitabu chini, kwa sababu kila anapopumzika msomaji anabaki na swali lile lile: akifika kwa watu wengine, watampokea au watamaliza kazi iliyoshindikana nyumbani? Anafika katika kijiji cha Mtemi Masasa. Hapo anakabidhiwa kwa mzee Chivero, mganga, naye anamlea Takadini kama mjukuu.

Msuko ni wa moja kwa moja: kuzaliwa, kutoroka, malezi ya ugenini, mapenzi, kisha kurudi. Baadhi ya wenzangu darasani walisema muundo huu ni mwepesi mno. Mimi naona unafaa, kwa kuwa hadithi inafuata umri wa mtoto, na tunataka kujua kesho yake itakuwaje. Kasoro ninayoiona iko katikati, pale Takadini anapokua. Miaka inapita haraka, na ubaguzi wa wanakijiji unatajwa zaidi kuliko unavyoonyeshwa. Watoto wanakatazwa na wazazi wao kucheza naye, halafu ghafla tuna kijana. Ningetaka kukaa zaidi na mtoto yule mwenye mguu mlemavu, anayewatazama wenzake wakicheza mbali naye.

Kwa wahusika, Chivero ndiye aliyenivutia kuliko wote. Ni mganga, na katika mkoa wetu neno hilo limebeba mambo mazito. Tangu mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na hata huku kwetu magharibi, kwa sababu ya waganga wanaowadanganya wateja kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku shughuli za waganga wa aina hiyo. Halafu tunamkuta Chivero, mzee mwenye elimu ya mitishamba, anayeutumia ujuzi wake kumlinda mtoto na kumfundisha kupiga mbira. Hanson hasemi kwamba uganga wote ni uovu. Anaonyesha kwamba ujuzi ule ule unaweza kuwekwa mikononi mwa mtu mwenye utu, na hilo limenifikirisha kuliko hotuba yoyote.

Makwati naye ameumbwa vizuri. Si mtu mbaya. Anampenda Sekai na alimsubiri mtoto kwa hamu, lakini anakosa ujasiri wa kusimama dhidi ya mila, na ukimya wake unaumiza kuliko ukatili wa Dadirai, mke mwenza mwenye wivu. Dadirai mwenyewe ni mhusika bapa. Kila anapoonekana ana chuki, na hatupewi nafasi ya kuelewa kwa nini. Nhamo, kijana anayemwonea Takadini, yuko hivyo hivyo. Shingai ni bora zaidi. Anamchagua Takadini akijua anachokabiliana nacho nyumbani kwao, na ujasiri wake unafanana na ule wa Sekai, ila wa Sekai unatokana na uzazi na wake ni wa mapenzi.

Dhamira kuu ni utu wa mtu mwenye ualbino na haja ya kuachana na mila potofu. Ziko pia dhamira za nafasi ya mwanamke, ndoa za mitala, malezi na mapenzi ya kweli, lakini sitazizungumzia zote, kwa sababu hii ya kwanza ndiyo yenye uzito hapa tulipo. Kabanga, yenye shule iliyowahifadhi watoto wenye ualbino waliokimbizwa makwao kwa kuhofia maisha yao, iko humu humu Kasulu. Sekai alikimbia peke yake na mwanawe mgongoni. Kabanga wamekuwepo watoto waliokaa bila mama kabisa, kwa kuwa nyumbani hapakuwa salama kwao. Msomaji wa hapa hawezi kuisoma riwaya hii kama ngano ya zamani kutoka Zimbabwe.

Hata hivyo, mwisho wa riwaya sikubaliani nao. Shingai anajifungua mtoto asiye na ualbino, na kuzaliwa kwake kunafungua njia ya furaha na kukubalika. Takadini naye anaheshimiwa baada ya kuwa mpigaji hodari wa mbira. Nauliza: je, mtoto yule angezaliwa na ualbino, wangempokea? Na kijana mwenye ualbino asiye na kipaji chochote, anayelima tu kama wengine, hana haki ya kuishi? Mwandishi anapigania utu wa Takadini kurasa nyingi, kisha mwishoni ni kama anawapa wanakijiji sababu rahisi ya kumkubali. Mgogoro unatatuliwa kwa bahati ya uzazi, na mawazo ya watu yanabaki bila kujaribiwa.

Somo la biolojia linaongeza nguvu kwenye hoja hii. Ualbino wa kawaida hurithiwa kwa kinasaba fiche, na mtoto huupata akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo Makwati alichangia nusu, ingawa lawama zote zilimwangukia Sekai. Na mtoto wa Shingai, japo rangi yake ni kama ya wengine, lazima amebeba kinasaba cha baba yake. Furaha ya kijiji kwa sababu ya rangi ya mtoto huyo haina msingi wowote.

Lugha ni nyepesi na inaeleweka hata kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Usimulizi wa nafsi ya tatu unatupeleka ndani ya mawazo ya Sekai bila kutuchosha. Majina ya Kishona yanasumbua kidogo kurasa za mwanzo, hasa ya wake wa Makwati, ila ukishayazoea yanakupa hisia ya mahali.

Kwa jumla ya msuko, wahusika na dhamira, naipa riwaya hii alama nane kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa ajili ya mwisho wake. Naomba darasa lijadili swali la mtoto wa Shingai kabla hatujahamia kitabu kingine, kwa sababu katika mijadala yetu hadi sasa tumeusifu mwisho huo bila kuuhoji.