Fuvu la Mtwa Mkwawa: Maandishi ya Msimulizi, Video ya Wageni wa Kalenga

Dada, hii ndiyo nakala ya kurekodia. Video itaonyeshwa kwa wageni na wanafunzi kabla hawajaingia kwenye chumba chenye fuvu. Wengi huingia pale wakicheka kwa woga. Sauti yako iwatulize na kuwakumbusha kwamba wanakwenda kumwona MTU. Usitumie sauti ya kutisha hata mara moja.

Alama: / ni kituo cha nusu sekunde. // ni sekunde mbili kamili, usipunguze. Neno la HERUFI KUBWA lina mkazo: lisukume kidogo, usipaze sauti. Kwenye matamshi, herufi kubwa ni silabi inayobeba uzito.

SEHEMU YA 1 (picha: barabara ya vumbi, vilima vya Kalenga)

Kamwene. // Hapa ni Kalenga, / nje kidogo ya mji wa Iringa. / Hapa palikuwa na NGOME. / Hapa alitawala Mtwa Mkwawa, / kiongozi wa Wahehe.

(ka-MWE-ne: salamu ya Kihehe. Itoe kama unamsalimia mzee wako, kisha nyamaza, maana watu wa Iringa wataiitikia. M-KWA-wa: usianze na "mu". Mtwa ni cheo, litamke kwa heshima.)

SEHEMU YA 2 (picha: mnara wa Lugalo kando ya barabara kuu)

Tarehe 17 Agosti 1891, / kikosi cha Wajerumani kilipita Lugalo, / mashariki ya Iringa. / Kiliongozwa na Emil von Zelewski, / aliyepewa jina la NYUNDO. // Wahehe walikuwa wamejificha vichakani / na mikuki yao. / Mapigano yalikuwa MAFUPI. // Zelewski aliuawa, / pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

(Tse-LEF-ski. E-mil fon. Mwaka usome wote: elfu moja mia nane tisini na moja. Lugalo, lu-GA-lo: msikilizaji wa Dar atafikiria kambi na hospitali ya jeshi, kwa hiyo "mashariki ya Iringa" isipotee mdomoni. Hapa wasimulizi wengi hushangilia. Usishangilie. Pale walikufa pia askari Waafrika, na wao walikuwa watoto wa watu.)

SEHEMU YA 3 (picha: mabaki ya ngome)

Miaka mitatu baadaye / Wajerumani walirudi na MIZINGA. / Tarehe 30 Oktoba 1894 / Kalenga ilianguka. // Mkwawa HAKUKAMATWA. / Kwa karibu miaka minne alipigana akihama porini, / huku watu wake wakimficha / na kumlisha. / Wajerumani waliahidi rupia ELFU TANO / kwa atakayewapa kichwa chake.

(Baada ya "ilianguka" hesabu moja, mbili, kimoyomoyo. "Na kumlisha" isome polepole kuliko yote: kwangu huu ndio moyo wa sehemu hii. Kumlisha mtu anayesakwa kulimaanisha kuhatarisha nyumba nzima.)

SEHEMU YA 4 (picha: Mlambalasi)

Tarehe 19 Julai 1898, / akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, / Mkwawa alijipiga risasi. / Alikataa kukamatwa HAI. // Kichwa chake kilikatwa. / Mwili ulizikwa Mlambalasi.

(m-la-mba-LA-si. "Kichwa chake kilikatwa" isome bila mkazo wowote. Sentensi yenyewe inatosha.)

SEHEMU YA 5 (picha: nyaraka za zamani, kisha picha ya mwaka 1954)

Mwaka 1919, / Mkataba wa Versailles, / uliohitimisha Vita vya Kwanza vya Dunia, / ulikuwa na kifungu cha 246. / Kiliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa / ndani ya miezi SITA. // Miezi sita ikapita. / Ikapita miaka ZAIDI YA THELATHINI. // Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, / alilitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen. / Fuvu lilichaguliwa kwa vipimo / miongoni mwa mafuvu mengi. / Tarehe 19 Juni 1954 / lilikabidhiwa hapa Kalenga / kwa Chifu ADAM SAPI MKWAWA, / mjukuu wake, / ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

(Ver-SAI, herufi za mwisho hazitamkwi. BRE-men. TWAI-ning. "Miongoni mwa mafuvu mengi" usiipite haraka: mgeni ana haki ya kujua kwamba lilitambuliwa kwa vipimo, na kwamba mafuvu mengine nayo yalikuwa ya watu. "Mjukuu wake" itoke kwa sauti ya familia.)

SEHEMU YA 6 (picha: mlango wa makumbusho)

Tafadhali vua kofia. / Ingia. / Zungumza kwa sauti ya CHINI.

(Sema kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni nyumbani.)

Rekodi kila sehemu mara mbili, faili moja moja, bila muziki wala mwangwi. Mwanzoni mwa kila faili acha sekunde tano za ukimya wa chumba, fundi wetu atazihitaji kusafisha kelele. Ukikwama kwenye jina, rudia sentensi nzima, usirudie jina peke yake. Sehemu ya 3 naomba uitume kwanza niisikilize kabla hujaendelea na nyingine.